Picha ya Majibu Mkononi mwa Mtoto: Barua kwa Wazazi wa Masinga



Tumeona yatupasa kukuandikieni juu ya jambo lililoingia majumbani kwa njia ya simu. Siku hizi mtoto wa sekondari hapewi zoezi la hisabu ila jioni ile ile picha ya karatasi ya majibu imekwisha fika kwa Watsapu, imetoka kwa mwanafunzi mwenziwe au kwa ndugu aliye shule nyingine. Asubuhi madaftari huja kwetu yote yakiwa sahihi. Kisha watoto hao hao huketi kwenye mtihani, pasipo simu, wakakosa maswali yale yale waliyoyapata juzi.

Hatuandiki ili kuipiga marufuku picha hiyo. Ikitumiwa vyema ni msaada mkubwa, maana mwalimu mmoja hawezi kukaa na kila mtoto akamwonyesha alipopotea. Lakini yataka itumiwe baada ya kazi, si kabla yake, na tutaeleza kwa mfano mmoja.

Swali ni hili. Tangi la maji la mviringo, lililosimama wima, kipenyo chake ni meta 1.4 na kimo chake ni meta 2. Laingia lita ngapi za maji? Tumia π = 22/7. Katika karatasi ya majibu mtoto ataona hivi:

Nusu kipenyo = 1.4 ÷ 2 = 0.7
Ujazo = 22/7 × 0.7 × 0.7 × 2 = 3.08
Lita = 3.08 × 1000 = 3080

Mwenye kunakili huandika mistari hii mitatu, akafunga daftari. Sasa tuwatazame watoto watatu walioifanya hesabu wenyewe, wote wakakosa. Wa kwanza amepata lita 12320. Wa pili amepata 8800. Wa tatu amepata 308. Kwa mtazamaji wa haraka wote ni sawa, wamekosa basi. Kwa mwalimu hao ni wagonjwa watatu wenye maradhi mbali mbali.

Yule wa 12320 ametumia kipenyo kizima mahali pa nusu yake. Tunajua hivyo kwa kuwa jawabu yake ni mara nne kamili ya ile iliyo sahihi. Upana ukiongezwa mara mbili, eneo la duara huongezeka mara nne. Yule wa 8800 ameona r² akadhani ile 2 ndogo yamwambia azidishe kwa mbili, naye badala ya 0.7 × 0.7 akafanya 0.7 × 2. Huyu hana taabu na matangi hata kidogo. Taabu yake ni alama ile, nayo itamfuata katika kila somo la hisabu mpaka aonyeshwe. Ama yule wa 308 amefanya yote barabara, ila mwishoni akazidisha kwa 100 mahali pa 1000, kwa kuzoea kwamba meta moja ina sentimeta 100. Laiti angaliuliza kidogo! Lita 308 ni mitungi 15 na kitu, ile ya lita 20. Mtoto wa Masinga aliyewahi kubeba maji ajua kwamba tangi refu kumpita mtu halijai kwa mitungi 15. Jawabu sahihi ni mitungi 154.

Basi mtoto anapofuta 8800 yake akaandika 3080 ya picha, ametuondolea dalili ya pekee tuliyokuwa nayo. Sisi twaona 3080, twapita kwenda somo jingine, na maradhi yanabaki.

Namna tunayoipendekeza ni hii. Picha ikifika, simu na ikae kwa mzazi. Mtoto afanye zoezi lote kwa kalamu, hata swali asiloliweza aandike mpaka alipokwama. Akimaliza apewe picha, naye alinganishe kuanzia mstari wa juu akishuka, wala asirukie jawabu ya mwisho. Mstari wa kwanza ambao kazi yake na picha zinaachana, autie duara kwa kalamu ya rangi nyingine. Asifute. Pembeni aandike kwa maneno yake, si kwa tarakimu, nini kimemtokea: "nilitumia kipenyo kizima". Akishindwa kuandika sentensi hiyo, bado hajalijua kosa lake, naye aje atuulize. Kisha picha ifungwe, alifanye swali lile upya kwenye ukurasa mtupu.

Baada ya siku mbili tatu, mzazi ambadilishie tarakimu: kipenyo kiwe meta 2.8 na kimo meta 1.5. Aliyenakili ataonekana hapa, kwani ataandika 0.7 tena, au ataomba simu.

Huenda mzazi akasema, "Mimi sikusoma hisabu hizi, nitajuaje?" Haihitaji hisabu. Daftari la anayejifunza lina mistari iliyokatwa na rangi mbili. Daftari la kunakili ni safi mno, na wakati mwingine limebeba hata herufi M1 na A1, ambazo si sehemu ya jawabu. Hizo ni alama za msahihishaji: M ni ya njia, A ni ya jawabu iliyopatikana kwa njia hiyo. Tuseme swali letu lina alama tatu: M1 kwa ujazo, M1 kwa kugeuza kuwa lita, A1 kwa 3080. Aliyeandika njia yote sawa akateleza katika kuzidisha tu, hupata mbili. Na karatasi ya hisabu ya KCSE yenyewe humwambia mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kwamba huenda akapewa alama kwa kazi sahihi hata kama jawabu ni kosa. Kwa hiyo watoto waangalie M kuliko wanavyoangalia A.

Tena picha yenyewe si ya kuaminiwa upofu. Nukta ya 3.08 ikifichwa na kivuli husomeka 308. Ukingo ukikatwa mstari hupotea. Na aghalabu hutumwa majibu ya karatasi nyingine: namba ya swali ni ile ile, swali silo. Kwanza isomwe anwani ya juu, ndipo swali lilinganishwe. Mtoto akipata jawabu ile ile kwa njia isiyo ya picha, asiiache njia yake. Majibu huonyesha njia moja, na ziko nyingine zilizo sahihi. Ama insha, picha ya majibu haimfai sana, kwa sababu huorodhesha hoja tu, wala haimfundishi kuzipanga.

Kuanzia juma lijalo tutayapokea madaftari yenye makosa yaliyotiwa duara, na wala hatutapunguza alama kwa ajili yake. Kosa lililotokea mara moja, na mtoto akalirekebisha mwenyewe pasipo picha, ni mtelezo, tutalipita. Lililorudi katika lile swali la tarakimu mpya ndilo tutakalolifundisha darasani.

Jawabu ya tangi hilo la pili ni lita 9240. Mzazi na aiweke kwake mpaka mtoto amalize. Akileta 36960, ni kile kipenyo kizima tena.