Bango, Redio na Simu: Namna ya Kujua Mteja Ametokea Wapi

Mwenye duka la mbegu katika Kata ya Gehandu aweza kuwa na bango mlangoni, karatasi zilizobandikwa mnadani na tangazo redioni, na bado asijue ni lipi lililomletea mteja. Fedha ya msimu ikishatumika katika tangazo lisiloleta mtu, hairudi.

Kiungo cha kuziunganisha njia hizo na simu ni msimbo wa QR, ule mraba wa vidoa vyeusi uliobuniwa Japani mwaka 1994. Ndani yake huwekwa anwani ya mtandaoni. Kwa ukurasa wa WhatsApp, anwani huanza na `https://wa.me/255`, kisha namba ya simu bila sifuri ya mwanzo, na mwishoni `?text=MNADA`. Mteja akiuelekezea kamera na kuifungua anwani, neno MNADA huwa limekwisha kuandikwa. Hubaki kulituma tu. Msimbo wa mlangoni hupewa neno lake, DUKA.

Redio haina picha, hivyo msikilizaji huelezwa ataje neno REDIO apunguziwe shilingi 500 kwa mfuko wa mbegu. Njia hiyo humfaa pia mwenye simu ya kitochi. Kwa hiyo neno na namba ya simu vichapwe chini ya kila msimbo.

Tuseme baada ya wiki mbili daftari linaonyesha wanunuzi 14 wa MNADA na 5 wa REDIO. Karatasi ziligharimu shilingi 21,000, yaani 1,500 kwa mteja. Redio 60,000, yaani 12,000 kwa mteja. Ikiwa faida ya mfuko mmoja ni shilingi 3,000, tangazo la redio limekula mtaji, isipokuwa wateja wake wamenunua mifuko mingi. Hata hivyo, daftari halisemi yote: yuko aliyesikia redioni akaja kupiga msimbo mnadani, na yuko mteja wa siku zote ambaye angenunua hata bila punguzo. Swali moja la muuzaji, “Ulisikia wapi kwanza?”, hupunguza makosa hayo.

Upana wa msimbo uwe takribani sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji. Anayesimama nusu mita huhitaji sentimita 5. Aliye ng’ambo ya barabara, mita 5, angehitaji nusu mita nzima. Ndiyo maana msimbo hufaa mlangoni kuliko juu ya paa. Uchapwe mweusi juu ya nyeupe, uachiwe ukingo mtupu pande zote, na ujaribiwe kwa simu ya bei nafuu kabla ya kuchapa nakala nyingi.

Baadhi ya tovuti hutengeneza msimbo bure lakini humpitisha mteja kwanza kwenye anwani yao, na muda wa majaribio ukiisha msimbo hufa ukiwa bado ukutani. Hilo hutambulika mapema: anwani inayotokea kwenye kioo cha simu iwe ile ile ya `wa.me`.