Neno Refu Likishakaa, Nianzie Wapi?

SWALI: Kwenye fumbo la kujaza maneno, nimeweka neno refu, kisha maneno mawili yanaingia nafasi moja. Nibahatishe?

JIBU: Usibahatishe, kwa sababu kosa la mapema hujificha hadi maneno ya mwisho yakose pa kukaa. Tuseme CHAKULA ndilo neno pekee la herufi saba (CH huchukua visanduku viwili), hivyo lina mahali pake. Kutoka A yake ya mwisho inashuka nafasi ya herufi tano, na orodha ina ASALI na AKILI.

Yalinganishe herufi kwa herufi. Ya kwanza, ya nne na ya tano zinafanana, kwa hiyo makutano ya hapo hayakwambii kitu. Tazama kisanduku cha pili au cha tatu. Kama kwenye cha tatu linaanzia neno la kulala la herufi nne, na yaliyobaki ni AFYA, MEZA, NDOO na KUKU, hakuna linaloanza na I. AKILI imeondoka. Andika ASALI, na AFYA inakaa papo hapo.

Maneno yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo herufi ya mwisho huchuja kidogo. Mimi hutafuta konsonanti za katikati kwanza.