Ulizo Lenye Kujirejelea na Mti wa Maeneo: Mfano wa Ndhiwa

Makala hii inaeleza namna ulizo moja la lugha ya SQL linavyoweza kuupitia mti mzima wa ngazi za utawala, kutoka kaunti hadi wadi, bila mwandishi wake kujua mapema mti huo una ngazi ngapi. Mfano uliochaguliwa ni eneo bunge la Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay. Aidha, makala inachunguza kosa moja la uingizaji data ambalo huweza kulifanya ulizo lisikome kabisa, au likome upesi na kutoa jibu pungufu ambalo mtu hulipokea kama jibu sahihi.

Dhana ya kujirejelea si ngeni kwa mwanafunzi wa sarufi. Katika kirai "mlango wa nyumba ya mjomba wa mwalimu", nomino inafuatwa na kirai cha uhusiano, na ndani ya kirai hicho mna nomino nyingine inayofuatwa na kirai kingine cha uhusiano. Kanuni ni moja, nayo hujiita tena ndani yake yenyewe hadi ifikapo nomino isiyofuatwa na kitu. Baadhi ya wanafunzi wa kompyuta huiita dhana hii uradidi. Uteuzi huo haufai, kwani istilahi hiyo imekwisha kuchukuliwa na wanasarufi kwa maumbo kama "polepole" na "vivyo hivyo". Kurudia ni jambo moja, na kujirejelea ni jingine. Katika makala hii neno litakalotumika ni kujirejelea.

Jedwali la maeneo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilianzisha kaunti 47, na mipaka iliyochorwa mwaka 2012 ikaleta maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Kaunti ya Homa Bay ina maeneo bunge manane, mojawapo likiwa Ndhiwa, lenye wadi saba: Kwabwai, Kanyadoto, Kanyikela, Kabuoch Kaskazini, Kabuoch Kusini/Pala, Kanyamwa Kologi na Kanyamwa Kosewe.

Majina haya yenyewe yanadokeza nasaba. Kiambishi Ka- katika Dholuo huelekeza kwao mtu au ukoo fulani, na wadi mbili za Kanyamwa zinabeba ndani ya majina yao eneo lililo kubwa kuliko zote mbili. Hapo ndipo mtu hushawishika kutafuta kwa jina: achukue kila linaloanza na "Kanyamwa", kisha aseme amepata tawi zima. Jina, hata hivyo, haliwezi kutegemewa. Hakuna herufi yoyote katika "Kwabwai" inayoonyesha kuwa wadi hiyo iko Ndhiwa. Uhusiano sharti uandikwe katika safu yake.

Njia ya kawaida ni kuwa na jedwali moja ambamo kila mstari unataja namba yake, jina lake, na namba ya mzazi wake. Jedwali la mfano, lililopunguzwa ili lifuatike kwa jicho, lina mistari 12. Kenya ni namba 1, nayo haina mzazi. Homa Bay ni 2 na Migori ni 3, na mzazi wa zote mbili ni 1. Ndhiwa ni 4 na Rangwe ni 5, na mzazi wao ni 2. Wadi saba za Ndhiwa, kwa mpangilio ule wa hapo juu, ni 6 hadi 12, na mzazi wao ni 4. Wadi za Rangwe na maeneo bunge mengine yameachwa nje kwa makusudi.

Ulizo lenyewe

Aliyezoea maulizo ya kawaida ataliunganisha jedwali na lenyewe: mara moja ili kupata watoto wa Homa Bay, mara mbili ili kupata wajukuu. Njia hii inafaa mradi ngazi zisibadilike. Siku vijiji vitakapoongezwa chini ya wadi, ulizo litaendelea kujibu, ila vijiji havitaonekana. Ulizo lenye kujirejelea linaondoa udhaifu huo:

```sql
WITH RECURSIVE ukoo AS (
  SELECT id, jina, mzazi, 0 AS kina
  FROM eneo
  WHERE id = 2
  UNION ALL
  SELECT e.id, e.jina, e.mzazi, u.kina + 1
  FROM eneo e
  JOIN ukoo u ON e.mzazi = u.id
)
SELECT jina, kina FROM ukoo;
```

Jina "ukoo" ni la jedwali la muda linaloishi ndani ya ulizo hili tu. Sehemu iliyo juu ya `UNION ALL` ndiyo mwanzo: huendeshwa mara moja na kuleta mstari mmoja, Homa Bay. Sehemu ya chini ndiyo inayojirejelea, kwa kuwa inalitaja jedwali "ukoo" ambalo bado linajengwa.

Jambo linalowatatiza wengi ni maana ya "ukoo" ndani ya sehemu hiyo ya pili. Mtu hudhani kuwa ni mistari yote iliyokwisha kupatikana. Sivyo. Ni mistari iliyoletwa na mzunguko uliotangulia pekee. Katika mzunguko wa kwanza, "ukoo" ni Homa Bay tu, nayo inawaleta Ndhiwa na Rangwe. Katika mzunguko wa pili, "ukoo" ni Ndhiwa na Rangwe. Ndhiwa inaleta wadi saba, Rangwe haileti kitu. Katika mzunguko wa tatu wadi saba zinauliza nani ni mtoto wao, na hakuna anayejitokeza. Mzunguko usioleta mstari hata mmoja ndio unaolikomesha ulizo. Mistari yote ni 1, kisha 2, kisha 7, jumla 10. Kenya na Migori hazimo, kwa kuwa haziko chini ya Homa Bay.

Kupanda badala ya kushuka kunahitaji mageuzi madogo tu. Mwanzo unakuwa `WHERE id = 12`, na sharti la kuunganisha linageuzwa kuwa `e.id = u.mzazi`. Kanyamwa Kosewe inamwita Ndhiwa, Ndhiwa inamwita Homa Bay, Homa Bay inamwita Kenya, na Kenya, kwa kukosa mzazi, inakomesha safari. Ni mistari minne.

Mzazi anapokuwa mtoto wa mwanawe

Ichukuliwe kuwa karani anayesahihisha jedwali anaandika 4 mahali pa 1 katika safu ya mzazi wa Homa Bay. Sasa Homa Bay ni mzazi wa Ndhiwa, na Ndhiwa ni mzazi wa Homa Bay. Ufunguo wa kigeni unaolinda safu ya mzazi hautalalamika: kazi yake ni kuhakikisha kwamba namba 4 ipo katika jedwali, nayo ipo.

Ulizo likianzia Homa Bay, mzunguko wa pili utaleta wadi saba pamoja na Homa Bay yenyewe. Mzunguko wa tatu utawaleta tena Ndhiwa na Rangwe, wa nne wadi na Homa Bay, na kuendelea pasipo kikomo. Hifadhidata hazilichukulii jambo hili kwa namna moja. SQL Server, isipoagizwa vingine, husimama kwa kosa baada ya mizunguko 100, na MySQL, iliyopata maulizo haya katika toleo la 8.0 la mwaka 2018, husimama baada ya 1,000. PostgreSQL, iliyoyapata katika toleo la 8.4 la mwaka 2009, haina kikomo chake. Huendelea kujaza mistari hadi mtu aikatize au nafasi iishe. Dalili ni ulizo la mistari michache lisilorudisha jibu. Ili kuona kinachoendelea, inatosha kuongeza `LIMIT 50` mwishoni mwa ulizo lile la kwanza: PostgreSQL itatoa mistari 50 na kuacha, na jina Homa Bay litaonekana katika kina 0, 2, 4, 6 na kuendelea. Jina moja katika vina viwili tofauti, ilhali kila eneo lina mzazi mmoja, ni ushahidi wa mduara.

Hata hivyo, upande wa hatari zaidi wa kosa hili hauna kelele. Ulizo lile lile likianzia Kenya badala ya Homa Bay, litakoma upesi na kwa utulivu: Kenya, kisha Migori, basi. Homa Bay si mtoto wa Kenya tena, hivyo yenyewe na wote walio chini yake, mistari 10 kati ya 12, wametoweka. Hakuna ujumbe wa kosa. Anayejumlisha fedha za wadi zote za nchi kwa ulizo hilo atazikosa za Ndhiwa, na hatajua. Ndiyo maana idadi ya mistari inayopatikana kutoka kwenye mzizi sharti ilinganishwe na idadi ya mistari yote ya jedwali. Tofauti yoyote ina maana kwamba kuna tawi lililokatika au lililojifunga duara.

Wengine hupendekeza `UNION` mahali pa `UNION ALL`, kwa hoja kwamba huondoa mistari inayojirudia na hivyo kuukata mduara. Hoja hiyo ni sahihi nusu. Kinacholinganishwa ni mstari mzima, na Homa Bay yenye kina 0 si sawa na Homa Bay yenye kina 2. Maadamu safu ya kina imo, mduara haukatiki.

Dawa ya uhakika ni kila mstari kubeba njia uliyopitia, na kumkataa yeyote aliyekwisha kupitiwa:

```sql
WITH RECURSIVE ukoo AS (
  SELECT id, jina, ARRAY[id] AS njia
  FROM eneo WHERE id = 2
  UNION ALL
  SELECT e.id, e.jina, u.njia || e.id
  FROM eneo e
  JOIN ukoo u ON e.mzazi = u.id
  WHERE e.id <> ALL (u.njia)
)
SELECT jina, njia FROM ukoo ORDER BY njia;
```

Njia ya Kanyadoto ni 2, 4, 7. Safu hiyo ina faida ya pili: kwa kuwa SQL haiahidi mpangilio wowote wa matokeo usiopoombwa, kupanga kwa njia ndiko kunakoiweka kila wadi chini ya mzazi wake.

Kinga hii, lakini, inaficha kile inachokizuia. Jedwali likiwa bado na kosa la karani, ulizo likianzia Homa Bay litatoa mistari 10 ile ile ya awali, kana kwamba jedwali ni zima. Kwa sababu hiyo kifungu kilichoingia PostgreSQL katika toleo la 14, mwaka 2021, kinafaa zaidi kwa ukaguzi. Huandikwa katika ulizo la kwanza, mara baada ya mabano yanayoufunga mwili wa "ukoo", na safu za mduara na njia huongezwa katika `SELECT` ya mwisho:

```sql
CYCLE id SET mduara USING njia
```

Mstari unaorudi mahali ulipokwisha kupita hautupwi. Huonyeshwa mara moja zaidi ukiwa na alama ya kweli katika safu ya mduara, kisha hauendelezwi. Kwa jedwali letu matokeo yanakuwa mistari 11, na ule wa ziada ni Homa Bay yenye njia ya 2, 4, 2. Namba iliyo kabla ya ile ya mwisho ndiyo iliyoandikwa katika safu ya mzazi wa Homa Bay, na hapo ndipo mahali pa kusahihisha.