Kabla ya Kutia Saini, Linganisha Muhtasari na Mazungumzo

Lalamiko likisikilizwa kwa simu au ana kwa ana, huweza kubaki kumbukumbu mbili: nakala ya mazungumzo iliyoandikwa neno kwa neno, na muhtasari mfupi ambao mtumiaji huombwa autie saini. Omba zote mbili, kisha uupime muhtasari kwa nakala.

Tuchukue mfano wa jokofu jipya. Nakala inasomeka hivi:

1. Mteja: Siku ya tatu tu jokofu likaacha kupoza.
2. Muuzaji: Huenda umeme ulipanda na kushuka.
3. Mteja: Sawa, lakini vyombo vingine vyote vinafanya kazi.
4. Muuzaji: Fundi wetu ataliangalia wiki ijayo.
5. Mteja: Nimesikia. Mimi naomba nibadilishiwe.

Muhtasari nao unasema: "Mteja alieleza kuwa jokofu liliacha kupoza baada ya umeme kupanda na kushuka, na kwamba hakuwa na kifaa cha kulilinda. Alikubali fundi aliangalie Jumatano ijayo."

Shika kalamu. Kata kila sentensi katika madai yake, na kando ya kila dai andika namba ya mstari unaolithibitisha pamoja na jina la aliyesema. Jokofu kuacha kupoza ni mstari wa 1, mteja. Dai hilo ni sahihi. Umeme kupanda na kushuka umo katika mstari wa 2, lakini msemaji ni muuzaji, naye alisema "huenda". Kosa hili ni zito, kwa sababu waranti nyingi hazigharimii uharibifu unaotokana na umeme. Dhana ya muuzaji imegeuka kuwa ungamo la mteja.

Kifaa cha kulinda jokofu hakina mstari wowote. Kimezushwa, na hupita kwa urahisi kwa sababu hutajwa mara kwa mara katika malalamiko ya namna hii. Jumatano nayo haimo. Kilichosemwa ni "wiki ijayo".

Limebaki neno "alikubali". "Sawa" na "nimesikia" huweza kuwa adabu ya mazungumzo tu, kwa hiyo soma maneno yanayofuata: mteja aliomba kubadilishiwa. Jihadhari pia na "alisema" lisilo na jina, maana kiambishi "a-" humfaa yeyote kati ya wawili hao, na "ilielezwa kuwa", ambayo humficha msemaji kabisa.

Kisha rudi upande wa pili: soma nakala ukitafuta kilichoachwa. Mstari wa 3, unaoitia shaka hoja ya umeme, haukuingia kabisa.

Andika marekebisho kwa kutaja mistari: "Maneno kuhusu umeme ni ya muuzaji, mstari wa 2. Naomba yarekebishwe, na mstari wa 3 na wa 5 iongezwe." Usitie saini kabla ya kupokea muhtasari uliosahihishwa. Na iwapo nakala yenyewe inakutia shaka, kwa mfano pale watu wawili waliposema kwa pamoja, omba kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Mwandishi wa nakala naye huweza kukosea jina la msemaji.