Mama akiuliza kuhusu meno, asihutubiwe

Wakazi wengi wa Kitengela na Kajiado hutegemea maji ya visima virefu, na baadhi ya visima hivyo vina madini ya floraidi kupita kiasi. Kwa hiyo swali hili huzuka mara kwa mara katika mikutano ya afya mitaani: "Nachemsha maji kila siku. Mbona meno ya mtoto wangu yana madoa ya kahawia?"

Jibu ambalo sisi wataalamu hupenda kutoa ni hili: "Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno yanapoundwa. Wazazi wanapaswa kutumia maji salama."

Hakuna uongo hapo. Lakini mama huyo anaketi akiona amelaumiwa, na jioni anayachemsha maji yale yale kwa muda mrefu zaidi. Kumbe moto hauondoi floraidi. Tuseme maji yake yana miligramu 3 kwa lita. Akichemsha lita 4 hadi zibaki 3, miligramu zote 12 zimo bado, na sasa kila lita ina 4.

Sikiliza jinsi jirani anayelijua jambo hili angemjibu:

"Dada, si kosa lako. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini madini haya hubaki, na dawa ya klorini pia haiyaondoi. Madoa ya mkubwa hayatatoka kwa mswaki. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza. Tumwangalie mdogo, maana meno yake ya ukubwani bado yanaundwa hadi afikie miaka 8 hivi. Je, una mahali pa kukinga maji ya mvua? Hayo karibu hayana floraidi. Yatie dawa au uyachemshe, kisha uyaweke kwa kunywa, chai na uji wa mtoto. Ya kisima fulia na uogee. Mvua ikikosekana, tafuta maji ya kisima kilichopimwa floraidi. Ladha na rangi havitakuambia lolote."

Angalia mpango wake. Ameanza na kile mama alichokuwa akifanya, akaeleza kwa nini hakikutosha, akatenga maji machache ya kinywani na yale mengi ya kazi, ambayo yangemshinda kununua. Kipimo cha 1.5 kitatajwa majibu ya maabara yakifika, kwani hapo ndipo kitamfaa.

Lakini usijifanye jirani. Kama hujapata kununua maji kwa mtungi, usiseme umewahi, watu hutambua.

Mwishoni, mwombe akueleze atakavyofanya leo jioni. Akisema, "Nitachemsha zaidi," jibu lako halijafika. Rudia kwa maneno mengine.