Unaenda kusoma Ujerumani? Panga hivi begi la mkononi na sanduku

Tuseme unatoka Eldoret kwenda chuo Ujerumani, na utabadilisha ndege njiani. Sanduku lako linaweza kuchelewa siku mbili tatu. Kwa hivyo jiulize: likichelewa, ni nini siwezi kukosa? Hicho kiweke kwenye begi la mkononi.

Karatasi. Beba pasipoti yenye visa, barua ya chuo, uthibitisho wa bima ya afya na ule wa akaunti maalum uliyoweka pesa za matumizi. Afisa wa mpakani anaweza kuziuliza hata kama visa unayo. Beba pia vyeti halisi vya shule, maana chuo kinaweza kutaka kuviona. Weka nakala kwenye simu, mahali pa kufunguka bila intaneti.

Dawa. Ukiwa na pumu, inhela isikae sandukuni. Acha dawa kwenye pakiti yake yenye lebo, na uombe daktari barua inayotaja jina la kitaalamu la dawa, si la kibiashara tu, pamoja na kipimo chako. Dawa kali za maumivu au za usingizi zina masharti zaidi, kwa hivyo uliza ubalozi mapema.

Umeme. Plagi yetu ina pini tatu bapa, yao ina mbili za mviringo. Nguvu ya umeme karibu ni sawa: volti 240 hapa, 230 kule. Chaja iliyoandikwa 100-240V inahitaji adapta peke yake. Pasi na hita ziache nyumbani, adapta ndogo inaweza kuungua.

Pawa benki. Hii hairuhusiwi sandukuni kamwe, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko chini ni hatari. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh. Piga hesabu: mAh mara 3.7, gawa kwa 1000. Ya 20,000 mAh ni 74 Wh, inapita. Ya 30,000 ni 111 Wh, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege kwanza.

Vinavyonyang'anywa. Mkononi, mafuta na losheni visizidi mililita 100 kwa chupa. Mkasi na kisu viende sandukuni. Lakini mursik na nyama kavu hazisaidiki hata sandukuni: Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka kwetu.

Laini yako. Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, kisha uibebe mkononi. Nambari za uthibitisho hutumwa kwa ujumbe mfupi. Laini ikiwa kwenye sanduku lililopotea, hata pesa yako mwenyewe huigusi. Na usimwachie mtu laini pamoja na PIN, hata kama ni ndugu.