Uhakika, unasaji na viwavi vya mahindi

Viwavijeshi vamizi viliripotiwa Kenya mwaka 2017, na mashamba ya mahindi ya magharibi mwa nchi yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuumia. Mwaka uliofuata, FAO na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walileta programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, nayo humwambia kama dalili za kiwavi zipo. Programu ya namna hii itapimwaje kwa alama moja? Tutafanya hesabu kwa takwimu za mfano tu, wala si matokeo ya Nuru.

Tuseme tumepiga picha za mimea 1,000 katika mashamba yaliyo kati ya Kibabii na Kitale. Mkaguzi amefunua moyo wa kila mmea kwa mkono, akitafuta kiwavi na kinyesi chake, na amekuta mimea 50 iliyoshambuliwa. Programu, kwa kutazama picha peke yake, imetaja mimea 40. Kati ya hiyo, 30 ina viwavi kweli. Basi imetaja bure mimea 10 mizima, na imeikosa 20 iliyoliwa.

Makosa yote ni 30, kwa hiyo majibu sahihi ni asilimia 97. Takwimu hiyo inavutia, lakini haituambii mengi. Programu ambayo daima inajibu “hakuna kiwavi” ingepata asilimia 95 bila kunasa hata kimoja, kwa sababu mimea mizima ndiyo mingi.

Kwa hiyo tunauliza maswali mawili. La kwanza: programu inaposema kuna kiwavi, tuiamini kiasi gani? Hapo tunagawanya 30 kwa 40, tunapata 0.75. Tuuite uhakika. La pili: kati ya mimea iliyoshambuliwa, imenasa mingapi? Tunagawanya 30 kwa 50, tunapata 0.60. Huo ni unasaji.

Ukitaka namba moja, mkono unakwenda haraka kwenye kujumlisha na kugawanya kwa mbili: 0.675. Kabla ya kuukubali wastani huo, ujaribu kwa programu inayotaja mimea yote 1,000. Unasaji wake ni 1 kamili, maana haikukosa hata mmoja. Uhakika wake ni 50 kwa 1,000, yaani 0.05. Wastani wa kawaida unaipa 0.525, alama ya nusu nzima kwa programu isiyochagua chochote.

Tazama tena sehemu zetu mbili, 30/40 na 30/50. Cha juu ni kilekile, mimea 30 iliyonaswa. Kinachotofautiana ni cha chini. Ni kama matatu inayokwenda kilomita 60 kwa mwendo wa 60 kwa saa na kurudi kwa mwendo wa 30. Umbali ni uleule, saa ndizo zinazotofautiana: moja ya kwenda, mbili za kurudi. Kilomita 120 kwa saa tatu ni mwendo wa 40, wala si 45. Kwetu pia tunajumlisha vya juu pamoja na vya chini pamoja: 60 kwa 90, yaani 0.667. Huo ndio wastani wa hamoniki, na alama yake huitwa F1. Ukiwa na uhakika (P) na unasaji (R) tu, fomula ni hii:

```
F1 = 2 * P * R / (P + R)
```

Iwekee 0.75 na 0.60: 0.9 kwa 1.35, jibu ni lilelile. Ile programu iliyotaja mimea yote sasa inapata 100 kwa 1,050, yaani 0.095. Wastani huu huvutwa na kipimo kilicho duni, na ndivyo tunavyotaka.

Hata hivyo F1 inachukulia kwamba uhakika na unasaji vina thamani sawa, na kwa mahindi sikubaliani nayo. Fikiria programu ya pili inayotaja mimea 90 na kunasa 45. Uhakika wake ni 0.50, unasaji 0.90, na F1 yake ni 90 kwa 140, yaani 0.643. Imeshindwa kidogo na ya kwanza. Lakini imekosa mimea mitano tu, na gharama yake ni kwenda kukagua mimea 45 mizima. Kiwavi kilichoachwa hujichimbia ndani ya moyo wa mmea, dawa isikofika vizuri, na kikishakua huwa kigumu kuua.

Mwaka 1979 C. J. van Rijsbergen, katika kitabu chake kuhusu utafutaji wa habari, alieleza jinsi ya kuupa unasaji uzito tofauti. Ukiuhesabu kuwa na umuhimu mara mbili ya uhakika, fomula inakuwa:

```
F2 = 5 * P * R / (4 * P + R)
```

Programu ya kwanza inapata 2.25 kwa 3.6, yaani 0.625. Ya pili inapata 2.25 kwa 2.9, yaani 0.776, na hiyo ndiyo ningempa mkulima.